Joto Linaloporomoka: Kwa Nini Turbini ya Gesi na ya Mvuke Zikiungana Hutoa Umeme Mwingi Zaidi

Kituo cha kwanza nilichofanyia kazi kilikuwa cha mvuke mtupu. Boila lake lilikuwa refu kama jengo la ghorofa kumi na lilichoma gesi asilia. Ubavuni mwake kulikuwa na kidirisha kidogo cha kioo kizito, na ukichungulia hapo uliona moto mweupe unaoumiza macho, wenye joto linalozidi nyuzi 1,500 za Selsiasi. Miaka michache baadaye nilihamia kituo chenye turbini ya gesi na ya mvuke kwa pamoja. Gesi ilikuwa ileile na moto ulikuwa uleule, ila kile cha kwanza kiligeuza takribani asilimia 38 ya nishati ya gesi kuwa umeme, na hiki cha pili zaidi ya 50. Siku hizi vituo vipya vya aina hii hupita 60. Kile cha Bouchain, Ufaransa, kilipimwa mwaka 2016 kikafikia asilimia 62.22.

Wageni wanaotembelea vituo hivi huniuliza swali lilelile: zile asilimia ishirini na zaidi zinatoka wapi? Wengi huondoka wakiamini kwamba mashine mpya "hazipotezi joto." Sivyo. Boila lile la zamani lilikuwa hodari sana wa kukamata joto. Karibu asilimia 90 ya joto la moto liliingia ndani ya maji. Hasara yake kubwa ilikuwa imejificha mahali ambapo hesabu ya joto peke yake haiwezi kuionyesha.

Mwaka 1824 Mfaransa Sadi Carnot alilinganisha joto na maporomoko ya maji. Maji hayatoi kazi kwa sababu ni mengi, hutoa kazi kwa sababu yanaanguka kutoka juu kwenda chini. Bwawa lililojaa maji lakini halina mteremko halizungushi gurudumu lolote. Kwa joto, kimo cha maporomoko ni halijoto. Joto likitoka kwenye moto mkali na kuishia kwenye maji baridi ya mto, linaweza kutoa kazi nyingi. Kiasi kilekile cha joto kikianzia kwenye maji ya vuguvugu, karibu hakitoi chochote.

Sasa turudi kwenye kile kidirisha. Moto uko nyuzi 1,500 na zaidi. Maji yako ndani ya mabomba ya chuma, upande wa pili wa ukuta wa milimita chache. Mabomba hayo yana urefu wa kilomita nyingi, yamebeba presha kubwa mno, na yanatakiwa kudumu miongo kadhaa bila kupasuka. Chuma cha namna hiyo hakivumilii mvuke wa joto la kupita nyuzi 600 kwa mbali, na kituo chetu kiliishia 540. Isitoshe, hizo 540 ni kilele tu. Maji huingia yakiwa na joto la kadiri, yanapashwa, yanachemka kwa muda mrefu kwenye halijoto moja, ndipo mvuke unapopashwa zaidi. Ukichukua wastani wa halijoto ambayo maji yanapokea joto lake katika safari nzima, unapata kama nyuzi 350.

Hapo ndipo hasara ilipo. Joto lote limevuka ukuta wa bomba salama, lakini limeporomoka kutoka 1,500 hadi 350 bila kuzungusha kitu. Ni kama kuyaacha maji ya mlimani yateremke kwenye mfereji hadi karibu na bonde, halafu huko chini ndiko tukaweka gurudumu. Kwa kanuni ya Carnot, kutoka nyuzi 350 hadi 33 za kondensa, ambako mvuke uliochoka hugeuka tena kuwa maji, hata mashine kamilifu haiwezi kupita asilimia 51. Toa joto linalotoka na moshi, toa msuguano ndani ya turbini, toa umeme unaoendesha pampu na feni, utafika kwenye 38 yetu. Hakuna fundi aliyezembea. Ukuta wa bomba ndio uliokula kile kimo.

Turbini ya gesi haina ukuta huo, na kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika fani hii. Kompresa huvuta hewa na kuibana hadi mara 20 hivi ya presha ya kawaida, gesi inachomwa ndani ya hewa hiyohiyo, na moto wenyewe ndio unaosukuma mapanga ya turbini. Joto halihitaji kupenya chuma ili lifike kwenye kitu kitakachofanya kazi, kwa sababu kitu chenyewe ndicho kinachoungua. Katika mashine kubwa za leo moto huingia kwenye turbini ukiwa na zaidi ya nyuzi 1,500, joto linaloweza kuyeyusha madini ya mapanga yenyewe. Mapanga yanapona kwa sababu ni matupu ndani. Hewa ya kompresa, ambayo joto lake ni dogo kuliko la moto, hupitishwa ndani yake na kutokea kwenye vitundu vidogo, ikayavika utando mwembamba wa ubaridi, na juu yake kuna ngozi ya kauri. Ulinzi wa gharama namna hiyo unawezekana kwa safu chache za mapanga. Kwa kilomita za mabomba ya boila hauwezekani.

Basi kwa nini turbini ya gesi peke yake haikushinda zamani? Kwanza, kompresa ni mlaji mkubwa. Turbini ya kwanza ya gesi iliyojengwa kwa ajili ya umeme wa umma, ile ya Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1939, ilizalisha takribani megawati 15 kwenye mhimili wake. Kompresa ilimeza zaidi ya 11, zikabaki megawati 4 za kuuza, na ufanisi wake ulikuwa asilimia 17 na kidogo. Pili, turbini ya gesi inaachia moshi ukiwa bado juu sana. Hata mashine nzuri ya leo, yenye ufanisi wa asilimia 40, hutoa moshi wa nyuzi 600 na zaidi. Inashika sehemu ya juu ya maporomoko kwa ustadi, kisha inamwaga maji yangali mlimani.

Na mashine ya mvuke, kama tulivyoona, inashindwa juu lakini inafanya kazi nzuri chini, kuanzia nyuzi 600 hadi 33. Pale moja inapoishia ndipo nyingine inapoweza kuanzia. Moshi wa turbini ya gesi unaelekezwa kwenye boila lisilo na moto wake, ambalo hapa nitaliita boila la moshi. Ndani yake kuna mafungu ya mabomba ya maji, moshi unapita katikati, na mvuke unaopatikana unakwenda kuzungusha turbini ya pili.

Nitachukua mfano wa kituo kikubwa cha leo, tukiingiza gesi yenye megawati 1,000 za joto. Turbini ya gesi inatoa megawati 400 za umeme. Inatoa pia kilo 850 za moshi kila sekunde, zenye nyuzi 630. Kwa wingi huo, kila nyuzi moja ambayo moshi unapoa hutoa karibu megawati 0.95. Kama tungeweza kuupoza hadi nyuzi 15 za hewa ya nje, tungepata takribani megawati 585 za joto. Swali ni tukamate kiasi gani, na kwenye kimo gani.

Hapa ndipo kazi halisi ya mbunifu ilipo, na ndipo watu wengi hupotea. Tuseme tunachemsha maji kwa presha moja, mara 100 ya presha ya kawaida. Kwa presha hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 311 hivi, na yakishaanza kuchemka halijoto haipandi mpaka tone la mwisho liwe mvuke. Moshi, kwa upande wake, unazidi kupoa kadiri unavyotoa joto. Mmoja amesimama, mwingine anateremka, na mwishowe wanakaribiana. Pale maji yanapoanza tu kuchemka, moshi unakuwa umeshuka hadi kuyazidi maji kwa nyuzi 10 hivi tu. Mahali hapo sisi tulipaita mbano. Tofauti hiyo haiwezi kufika sifuri, kwa sababu tofauti ya joto ndiyo inayosukuma joto kupita ukutani, na kadiri unavyotaka tofauti iwe ndogo ndivyo unavyohitaji mabomba mengi zaidi.

Mbano ndio unaoamua kiasi cha mvuke. Juu ya mbano moshi umeshuka kutoka 630 hadi 321, yaani megawati 294. Joto hilo linatosha kuchemsha na kupasha kilo 133 za mvuke kwa sekunde hadi nyuzi 600, si zaidi. Chini ya mbano, moshi wa nyuzi 321 umebakiwa na kazi ya kuyapasha maji hayohayo kilo 133 kabla hayajaanza kuchemka. Kazi hiyo inaushusha hadi nyuzi 145, kisha maji yanakwisha. Moshi unatoka dohani ukiwa na nyuzi 145, na hakuna wa kulipokea joto lake. Turbini ya mvuke inatoa takribani megawati 178.

Mtu atasema: basi tushushe presha, maji yachemke mapema, tukamate joto lote. Tujaribu mara 10 tu ya presha ya kawaida. Maji sasa yanachemka kwenye nyuzi 180, mbano unashuka, mvuke unaongezeka hadi kilo 143 kwa sekunde, na dohani inatoa moshi wa nyuzi 98. Tumekamata megawati 45 zaidi za joto. Lakini turbini ya mvuke sasa inatoa megawati 157 tu. Joto limeongezeka, umeme umepungua.

Mara ya kwanza nilipofanya hesabu hii kwa mkono nilidhani nimekosea, nikairudia mara tatu. Haikuwa na kosa. Tulichokifanya ni kosa lilelile la boila la zamani, kwa kiasi kidogo. Tumechukua moshi wa nyuzi 500 na 400 tukautumia kuchemsha maji kwenye nyuzi 180. Joto limevuka ukuta lote, lakini kimo kimeporomokea ukutani.

Dawa yake ni kutochagua. Boila la moshi la kisasa huchemsha maji kwa presha tatu tofauti. Moshi mkali kabisa unakutana kwanza na mabomba ya presha ya juu. Ukishapoa kiasi cha kutofaa tena pale, unakutana na maji ya presha ya kati, halafu ya chini. Mvuke uliokwisha kufanya kazi katika hatua ya kwanza ya turbini hurudishwa pia kwenye moshi mkali ukapashwe upya. Kila mahali halijoto ya maji inaufuata moshi kwa karibu, kama kivuli. Dohani inatoa moshi wa nyuzi 85 hivi, na turbini ya mvuke inatoa zaidi kidogo ya megawati 200 kutoka kwenye moshi uleule. Jumla ni 600 na kidogo kati ya 1,000. Ukitoa umeme ambao kituo chenyewe kinatumia, unabaki karibu na asilimia 60.

Utaona kwamba upande wa mvuke wenyewe haujawa wa miujiza. Unageuza chini ya asilimia 40 ya joto ulilopokea, kama lile boila langu la kwanza. Joto lake lililobaki bado linaishia kwenye kondensa na kubebwa na maji ya kupozea. Tofauti ni kwamba kabla joto halijaufikia, megawati 400 zilikuwa zimeshavunwa juu yake.

Kuna jaribio moja linalothibitisha haya kuliko maelezo yangu. Vituo vingine vina vichomeo vya ziada kwenye njia ya moshi, kabla ya boila. Moshi wa turbini ya gesi bado una oksijeni ya kutosha, kwa hiyo ukiingiza gesi pale inawaka, mvuke unaongezeka, na umeme unapanda. Ni msaada mkubwa saa za mahitaji makubwa. Lakini ufanisi wa kituo kizima unashuka, kwa sababu gesi iliyochomwa pale imeruka ngazi ya juu. Imekuwa gesi ya kituo cha mvuke cha kawaida.

Asilimia hizi ninazozitaja pia zina utaratibu wake. Hupimwa kwa thamani ya chini ya joto la gesi, yaani bila kuhesabu joto lililofichwa katika mvuke wa maji unaotoka dohani. Ukilihesabu, asilimia 60 inakuwa kama 54. Mtu akilinganisha vituo viwili bila kuuliza hesabu ni ipi, anaweza kuhitimisha upuuzi. Na 60 hiyo ni ya mzigo kamili. Turbini ya gesi ikipunguzwa hadi nusu inapoteza ufanisi wake, na upande wa mvuke hauwezi kuokoa kile ambacho moto haukukivuna. Siku ya joto kali nayo hewa huwa nyepesi, kompresa inameza kilo pungufu za hewa kila sekunde, na megawati zinapungua.

Nimebakiza kisa kimoja, kwa sababu ndicho kilichonifanya niielewe nadharia hii kwa mikono yangu. Kilitokea kwenye kituo cha presha mbili, turbini yake ya mvuke ikitoa megawati 80 kwa mzigo kamili. Nilikuwa zamu ya usiku. Kwenye skrini megawati zilisoma 77. Turbini ya gesi ilikuwa palepale, gesi ilikuwa ileile, na hali ya hewa haikuwa imebadilika.

Mawazo ya kwanza yalikuwa kwamba mabomba ya boila yamechafuka. Mzee tuliyekuwa naye zamu, ambaye alianza kazi kabla sijazaliwa, aliniuliza swali moja tu: "Kijana, dohani inasema nini?" Nikatazama. Moshi ulikuwa unatoka kwa halijoto yake ya kila siku. Kama mabomba yangekuwa yamechafuka, joto lisingekamatwa, na dohani ingekuwa na moto zaidi. Kwa hiyo boila lilikuwa limelichukua joto lote. Maji yaliyoingia boilani yalikuwa kiasi kilekile, kama kilo 65 za presha ya juu kila sekunde. Lakini presha ya mvuke unaoingia kwenye turbini ilikuwa imeshuka kidogo, ishara kwamba mvuke unaopita kwenye turbini ni mdogo kuliko unaozalishwa. Na maji ya kupozea yalikuwa yanatoka kwenye kondensa yakiwa na nyongeza ya sehemu mbili za kumi za nyuzi moja. Ni kitu kidogo ambacho mtu angekipuuza, lakini kwa kilo 4,000 za maji kwa sekunde, nyongeza hiyo ni karibu megawati 3.

"Basi umeshaipata," Mzee akasema. "Haikupotea, imepita njia ya mkato."

Kila kituo cha namna hii kina njia ya kuupitisha mvuke kando ya turbini hadi kwenye kondensa, kwa ajili ya kuwasha mitambo au turbini inapozimika ghafla. Njia hiyo hufungwa na vali. Kwenye skrini vali yetu ilisomeka imefungwa kabisa. Lakini bomba linalotoka kwenye vali kuelekea kondensa, ambalo vali ikifunga vizuri huwa na nyuzi 40 hivi, lilisoma zaidi ya 300. Tulishuka na tochi. Hatukuhitaji kipimo, kwani rangi ya bomba ilikuwa imeanza kubabuka.

Kilo mbili na nusu tu za mvuke kwa sekunde zilikuwa zinapenya. Hakuna hata chembe ya joto iliyotoroka nje ya kituo. Yote ilikuwa ndani, imehesabiwa, ikitembea kutoka boilani hadi kondensani. Ilikuwa imeshuka kutoka zaidi ya nyuzi 500 hadi 33 bila kugusa panga moja, na kwa siku nzima hiyo ilikuwa saa-megawati 72 za umeme.

Vali ilifunguliwa katika matengenezo yaliyofuata. Kwenye kiti chake kulikuwa na mfereji mwembamba uliochimbwa na mvuke, mwembamba kama unywele mwanzoni na mpana kama kiberiti mwishoni. Mafundi walikisaga kiti hadi kikawa sawa, wakarudisha vali. Tulipowasha, bomba lile lilipoa taratibu hadi nyuzi 41, na megawati zikarudi 80 huku mita ya gesi ikisoma vilevile.